Duara la Mwanga Baada ya Leza

Msikilizaji wa Jibondo, kama ulikwenda bara kufanyiwa upasuaji wa leza uache miwani, usishangae usiku taa ya chombo ikionekana imezungukwa na duara la mwanga. Gizani mboni hupanuka, mwanga ukapita hata ukingoni mwa sehemu ya konea iliyochongwa, ukatawanyika.

Kwa wengi hupungua ndani ya miezi 3 hadi 6. Kwa sasa, nahodha, mwachie mwenzio usukani usiku.

Likizidi hapo, washa taa karibu nawe, mboni isinyae, kisha tazama taa ya mbali. Duara likipungua, huenda chanzo ni upana wa mboni. Lisipobadilika, pengine jicho ni kavu au namba ya miwani imebaki. Daktari hupima yote, na mara nyingi hutibika.

Jicho likiuma ghafla na kuwa jekundu, vuka leo hii uende hospitali, Kilindoni.