Kodeini na Maumivu ya Kichwa

Nchini Afrika Kusini, kwa miaka mingi, vidonge vya kutuliza maumivu vilivyochanganywa na kodeini vimeuzwa madukani bila cheti cha daktari, mradi jina la mnunuzi liandikwe katika daftari la duka. Lakini daftari la duka moja halijui yaliyoandikwa katika duka la pili, na mwenye kuhitaji vidonge vingi huenda duka hadi duka. Wengi wa wanunuzi hao hawakuanza kwa kutafuta ulevi. Walianza kwa kuumwa kichwa.

Kodeini ni ya jamii ya afyuni. Haitulizi maumivu mpaka ini liigeuze sehemu yake kuwa mofini, na maini ya watu hayafanani. Wengine hawaigeuzi karibu kabisa, wakameza bila kupata nafuu. Wengine, hasa Ethiopia ambako watu wa namna hiyo ni wengi, huigeuza upesi mno, na kipimo cha kawaida kikawalevya au kuwapunguzia pumzi. Aidha, kwa mgonjwa wa kipandauso, kodeini huzidisha kichefuchefu na kulifanya tumbo lichelewe kupitisha dawa.

Hatari kubwa zaidi hujificha ndani ya maumivu yenyewe. Mtu anayemeza vidonge hivyo siku 10 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, aweza kupata maumivu ya kichwa yaletwayo na dawa. Dalili yake ni kuamka na kichwa kizito karibu kila siku, kupata nafuu baada ya kumeza, kisha maumivu kurudi dawa inapokwisha mwilini. Naye hudhani ugonjwa umezidi, kumbe anadaiwa na dawa.

Tuchukue kidonge chenye miligramu 10 za kodeini na 500 za parasetamoli. Mwili ukishazoea, vidonge viwili havitoshi tena. Anayefikia vidonge 16 kwa siku amemeza gramu nane za parasetamoli, mara mbili ya kiasi cha juu kwa mtu mzima, na ini lake laweza kuharibika kabisa. Akiacha ghafla hutokwa jasho na kamasi, huharisha, hukosa usingizi, na kichwa humuuma zaidi kwa siku kadhaa. Ndipo hukirudia kidonge. Mtu wa namna hiyo apunguziwe dawa hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa daktari.

Australia, tangu tarehe 1 Februari 2018, haiuzi kodeini bila cheti cha daktari. Kwa kichwa cha kawaida, parasetamoli au ibuprofeni pekee, ikimezwa mapema na isizidi siku mbili kwa juma, yatosha kwa watu wengi. Na maumivu makali yanayozuka ghafla, au yanayofuatana na homa na shingo kukakamaa, si ya kutulizwa dukani; mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.