Hundi ya Kadibodi na Barua ya Mfadhili

Hotuba ya kukabidhi ufadhili wa masomo ina kazi mbili ambazo mara nyingi huvutana. Inatakiwa kumtia moyo mtoto, na inatakiwa kumweleza yeye na mzazi wake ni nini hasa wamepewa. Katika kumbi za kijamii za Eastlands, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Kayole na Dandora, kazi ya kwanza hufanywa kwa mbwembwe. Ya pili huachiwa mhasibu wa shule, naye huifanya wiki kadhaa baadaye kwa kumrudisha mtoto nyumbani.

Tatizo huanza na ile hundi kubwa ya kadibodi inayoinuliwa mbele ya kamera. Tuseme imeandikwa shilingi milioni 2, na wanafunzi walioitwa ni 400. Ukumbi mzima unapiga makofi kwa ajili ya milioni 2, lakini fungu la kila mtoto ni shilingi 5,000. Hakuna aliyedanganya, hesabu ni sahihi, na bado karibu kila mzazi huondoka akiwa na tarakimu isiyo yake kichwani.

Sasa tuchukue mmoja wa watoto hao, msichana wa Umoja aliyeitwa Gredi ya 10 katika shule ya bweni iliyokuwa ikiitwa ya kitaifa. Karo rasmi ya shule za aina hiyo ni shilingi 53,554 kwa mwaka. Kwa utaratibu wa kawaida, karo ya bweni hulipwa nusu katika muhula wa kwanza, asilimia 30 katika wa pili na asilimia 20 katika wa tatu. Kwa hiyo Januari anadaiwa shilingi 26,777, kisha kama 16,066, kisha kama 10,711. Zile 5,000 zinapunguza deni la Januari hadi 21,777. Hapo godoro, sanduku la bati, sare, vitabu vya ziada na nauli havijaguswa, na kwa familia nyingi vitu hivyo vya siku ya kwanza ndivyo vinavyomchelewesha mtoto kuripoti, hata pale karo ilipopatikana.

Hotuba ya kweli husema hayo yote kwa sentensi tatu: "Kila mmoja wenu amepata shilingi 5,000, za mwaka huu peke yake. Fedha zitaingia katika akaunti ya shule, si mikononi mwa mzazi. Salio la karo na vitu vya kuanzia ni juu ya familia, kwa hiyo anzeni kutafuta leo." Makofi yatapungua kidogo, bila shaka. Ila mama aliyekuwa ameshaanza kuwaambia majirani kwamba mtoto wake amelipiwa atarudi kwenye chama chake jioni hiyo hiyo, badala ya kungoja hadi Februari.

Hii haina maana kwamba fungu dogo ni la kudharauliwa. Basari ya Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge, ile inayojulikana kama NG-CDF, imewabakisha shuleni watoto wengi wa mitaa hii, na basari ya kaunti vivyo hivyo. Kwa mtoto wa shule ya kutwa, ambako serikali ndiyo hugharamia masomo na mzazi hubaki na chakula cha mchana na mambo machache, 5,000 huenda mbali. Kosa ni kuiita basari ufadhili. Basari ni mchango wa mara moja ambao huombwa upya kila mwaka. Ufadhili kamili, kama ule wa Wings to Fly ulioanzishwa na Wakfu wa Equity pamoja na Wakfu wa Mastercard mwaka 2010, humchukua mtoto kwa miaka yote ya sekondari na kugharamia karo, sare, vifaa, nauli na hata pesa kidogo za matumizi. Vitu hivi viwili hukabidhiwa katika kumbi zilezile, kwa nyimbo zilezile na viti vilevile vya plastiki, na ni hotuba peke yake inayoweza kuvitenganisha.

Tofauti kati ya kulipiwa na kulipiwa kiasi ni ya zamani Nairobi. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka kwa ndege kwenda vyuo vya Marekani katika mpango ulioandaliwa na Tom Mboya, aliyekuwa mjumbe wa Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria na ambaye mwaka 1961 angechaguliwa katika eneo la Nairobi Mashariki. Watu husimulia habari hiyo kama kwamba mtu mmoja alilipa kila kitu. Kwa kweli fedha zilitoka mifuko mitatu. Nafasi na ufadhili wa masomo vilitolewa na vyuo vyenyewe, mara nyingi kwa karo tu au sehemu yake. Nauli ya ndege ilichangishwa Marekani na taasisi iliyoundwa kwa kazi hiyo, ikisaidiwa na watu mashuhuri kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Pesa za kuishi zilikuwa mzigo wa mwanafunzi na jamaa zake, na ndiyo sababu familia na vijiji vilifanya michango kabla ya safari. Wengi waliofika kule walifanya vibarua ili wamalize masomo. Mpango huo ulizaa matunda makubwa, na Wangari Maathai alikuwa katika kundi la 1960. Lakini waliofanikiwa ni watu waliojua, au waliolazimika kujua haraka, kwamba tiketi ya ndege haikuwa chakula cha jioni.

Jambo la pili ambalo hotuba hulikwepa ni muda. Wafadhili waliozoea sekondari ya miaka minne sasa wanapokea wanafunzi wa sekondari ya juu, ambayo ni miaka mitatu, Gredi ya 10 hadi ya 12. Mfadhili anayeahidi kumshika mkono mtoto hadi amalize anapaswa kutaja mwaka ambao mkono huo utaachia. Kwa aliyeingia Gredi ya 10 Januari 2026, mwaka huo ni 2028. Karo peke yake kwa miaka hiyo mitatu, kwa kiwango cha 53,554, ni shilingi 160,662 kwa mtoto mmoja. Kampuni au kikundi cha kanisa ambacho hakina uhakika wa kiasi hicho kina njia mbili za uaminifu: kuchukua watoto wachache zaidi, au kusema wazi kwamba ahadi ni ya mwaka mmoja. Njia ya tatu, ya kuchukua wengi na kutumaini kwamba mwaka ujao biashara itakuwa nzuri, ndiyo inayowaacha watoto Gredi ya 11 bila mlipaji, wakiwa katika shule ghali ambayo familia isingeichagua bila mfadhili. Hapo ufadhili umemweka mtoto pabaya zaidi kuliko alipokuwa.

Ahadi ya chuo kikuu nayo inahitaji breki. Ni rahisi kwa msemaji kutazama safu ya mbele na kuwaita madaktari na mainjinia wa kesho. Katika mtihani wa KCSE wa 2024, watahiniwa 246,391 kati ya takriban 962,500 walipata C+ au zaidi, alama ya chini ya kuingia shahada ya chuo kikuu. Hiyo ni kama robo moja. Wanaokuja sasa watapimwa kwa mfumo mwingine, ila mtoto anayesifiwa kuwa daktari akiwa na miaka 15 bado hufika mwisho wa sekondari akiwa na njia nyingine nyingi mbele yake. Vyuo vya ufundi ni mojawapo, na hotuba inayovitaja bila kuviita faraja humwokoa kijana na aibu ambayo hakuistahili.

Masharti yasemwe mbele ya mtoto na mzazi wakiwa pamoja. Je, alama zikishuka muhula mmoja, ufadhili unakatwa, au kuna mazungumzo kwanza? Mtoto akihamishwa shule kwa sababu familia imehama kutoka Kariobangi kwenda Ruai, fedha zinamfuata? Msichana akipata mimba, nafasi yake inangoja? Sera ya serikali humruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua, na mfadhili asiyesema lolote juu ya hilo huwa ameacha uvumi umjibie. Uvumi wa mtaani hujibu kwa ukali, na msichana huacha shule kabla hata ya kuuliza.

Upande wa mfadhili pia una masharti, ingawa ni nadra kusikika kwenye kipaza sauti. Hundi ifike shuleni lini? Mwanafunzi wa bweni hurudishwa nyumbani katikati ya muhula hata kama mlipaji anajulikana, kwa sababu mwalimu mkuu hanunui maharagwe kwa barua ya ahadi. Picha je? Mtoto aliyeshikishwa hundi na kusimuliwa umaskini wa nyumbani kwao ataikuta picha hiyo kwenye simu za wanafunzi wenzake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na ridhaa inayoombwa wakati hundi iko hewani si ridhaa ya kuaminika. Mama gani atakataa saa hiyo?

Kutia moyo kunabaki wapi, basi? Kunabaki katika yale ambayo mtoto anayaweza. Msemaji mzuri humwambia alichaguliwa kwa nini: kwa alama zake, kwa uhitaji wa nyumbani, au kwa vyote viwili, maana mtoto asiyejua sababu huishi akihofia kwamba kosa litagunduliwa. Humwambia kwamba muhula wa kwanza huwa mgumu kwa wengi waliokuwa wa kwanza darasani mwao, kwamba kutoka nafasi ya 2 shule ya mtaani hadi nafasi ya 90 shule ya bweni ni matokeo ya kukutana na wenzake na wala si dalili ya kupotea. Humpa jina la mtu mmoja na nambari ya kupigia mambo yakiharibika. Mtoto wa Mathare anayejua atampigia nani tarehe 10 Februari amepata nguvu ambayo methali kumi za bidii haziwezi kumpa.

Kuna pia suala la deni. Wasemaji wengine hufunga hotuba kwa kumkumbusha mtoto kwamba jamii nzima inamtegemea, na mtoto wa miaka 15 hupokea mtaa mzima mgongoni pamoja na bahasha. Shule ya Starehe, iliyoanza 1959 katika vibanda viwili vya bati pembezoni mwa mitaa hiihii chini ya Geoffrey Griffin na wenzake, ilichukua njia nyingine: wanafunzi wake, wengi wao waliofadhiliwa, walitoa huduma ya kujitolea wakati wa likizo, kazi yenye mwanzo na mwisho. Deni linalopimika hulipika. Lisilo na kipimo huzaa kijana anayekwepa simu ya mfadhili.

Mzazi aliyeketi ukumbini hahitaji kungoja hotuba bora. Kabla ya kutoka, aombe barua yenye mambo manne: kiasi cha fedha kwa mtoto wake, miaka itakayolipiwa, vitu visivyolipiwa, na jina la mtu wa kuuliza. Mfadhili ambaye hawezi kuiandika siku hiyo bado hajatoa ufadhili, na shule itafungua muhula kwa tarehe ileile.