Linganisha Msimbo, Si Kiasi

Tuchukue duka la pembejeo mjini Bomet. Kila siku saa 12 asubuhi, programu inasoma faili ya miamala ya jana ya M-Pesa na kuilinganisha na leja. Isilinganishe kwa kiasi pekee: wakulima wawili wakilipa shilingi 3,500 kila mmoja, na karani akaandika malipo ya mmoja tu, kosa linaweza kujificha. Itumie msimbo wa muamala, ule wa herufi na tarakimu 10. Msimbo usiokuwa kwenye leja huenda ni pesa iliyoingia bila kuandikwa. Uliopo kwenye leja pekee huenda ni ujumbe bandia, au karani amekosea herufi. Programu itoe orodha tu. Mhasibu ndiye arekebishe, kabla duka halijafunguliwa.