Tuhesabu Mwendo wa Baiskeli

Ndugu wanakisomo, leo tuseme juu ya baiskeli na gunia la pamba. Toka hapa mpaka ghalani ni kilometa 12. Mwenzetu ana mzigo, anaikokota baiskeli, anakwenda kilometa 6 kwa saa. Akishamwachia nduguye gunia anageuza papo hapo. Kurudi anapanda, anakwenda kilometa 12 kwa saa.

Wengi hujumlisha 6 na 12, wakapata 18, wakagawa kwa 2. Husema mwendo wake wa wastani ni 9. Basi kilometa 24 za kwenda na kurudi zitakwisha kwa saa 2 na dakika 40. Akiondoka saa 9.40 alasiri, saa 12.20 yuko nyumbani.

Sivyo! Haya, hesabuni saa zenyewe. Kwenda ni saa 2, kurudi saa 1. Jumla saa 3. Atafika saa 12.40, giza linaingia, na baiskeli yenyewe haina taa.

Gawa 24 kwa 3. Wastani ni 8. Kwa nini si 9? Kwa sababu mwendo wa pole umekula saa 2, na wa haraka saa 1 tu.

Ipo njia ya mkato. Zidisha 6 kwa 12, kisha kwa 2, upate 144. Gawa kwa 18, yaani 6 na 12 pamoja. Jibu 8. Lakini angalieni, mkato huu hufaa pale tu kwenda na kurudi ni umbali ule ule. Akirudi kwa njia ndefu zaidi, tafuta saa za kila safari peke yake, kisha gawa kilometa zote kwa saa zote.