Duka Lipi Liko Karibu Zaidi? Kupanga Umbali Bila Kipeuo

Mtu aliyeshuka daladala karibu na uwanja wa Azam Complex, Chamazi, akafungua simu kutafuta duka la gesi, hajali sana ni mita ngapi. Anataka kujua aende lipi kwanza. Maswali haya mawili hayagharimu sawa, na mhadhara huu unahusu hilo la pili.

Chukulia maduka matatu. La kwanza liko mita 300 mashariki na 400 kaskazini, la pili 480 mashariki na 120 kusini, la tatu 100 magharibi na 510 kaskazini. Kanuni ya Pithagorasi inataka kila tofauti izidishwe kwa yenyewe, zijumlishwe, kisha kitafutwe kipeuo cha pili. Ukiishia kwenye jumla unapata 250,000, 244,800 na 270,100. Duka la pili limeshinda tayari. Kipeuo kingetoa mita 500, 495 na 520, mpangilio uleule, kwa sababu kati ya namba zisizo hasi, iliyo kubwa hubaki kubwa hata baada ya kupata kipeuo. Kinahitajika mwishoni tu, kwa maduka machache yatakayoonyeshwa mita zake.

Wengi hujikwaa kwenye kikomo. Anayetaka maduka yaliyo ndani ya mita 500 lazima alinganishe na 250,000. Akisahau, akaacha 500, yatatokea maduka yaliyo ndani ya mita 22 peke yake, na orodha itakuwa karibu tupu. Dalili hiyo haipotezi mtu.

Faida si kasi tu. Vichakato vya leo hupata kipeuo upesi. Lakini si kila mahali palikuwa na kipeuo: SQLite, kanzidata inayotumika ndani ya simu nyingi, haikuwa na kipeuo miongoni mwa kazi zake kabla ya toleo la 3.35 la mwaka 2021. Kuzidisha na kujumlisha ilijua:

```sql
ORDER BY (lat-:a)*(lat-:a) + (lon-:b)*(lon-:b)
```

Hapa namba ni nyuzi, si mita, na Dar es Salaam ina bahati. Iko karibu na nyuzi 7 kusini ya ikweta, ambako uzi mmoja wa latitudo na wa longitudo kila mmoja una takribani kilomita 110.5.

Msimbo huohuo ukitumika Oslo, karibu na nyuzi 60 kaskazini, unadanganya. Uzi wa longitudo huko ni kama kilomita 56. Duka lililo nyuzi 0.010 mashariki liko mita 560 hivi, lililo 0.008 kaskazini liko karibu mita 890, lakini ndilo litakalotangulia. Dawa yake ni kuzidisha tofauti ya longitudo kwa kosaini ya latitudo ya mtafutaji kabla ya kuipandisha mraba. Kosaini hiyo hukokotolewa mara moja kwa utafutaji mzima, hata maduka yakiwa elfu kumi.