Nakili Majibu ya Maabara Kama Yalivyo

Msikilizaji, binti amepokea kwenye simu picha ya majibu ya maabara ya mama yake. Daktari yuko mji mwingine, anataka aandikiwe. Aandikiwe nini?

Mambo manne, kwenye mstari mmoja: jina la kipimo, thamani, kizio, na kiwango kilichochapwa pembeni. Karatasi ikisema glukosi 5.4 mmol/L, pembeni 3.9 hadi 5.6, binti aandike hivyo hivyo. Kizio kisiachwe. Maabara inayotumia mg/dL ingeisoma sukari hiyohiyo 97.

Kiwango nacho kitoke kwenye karatasi hiyohiyo, si ya jirani. Mashine hutofautiana.

Picha ndiyo yenye hila. Nukta ikififia, 5.4 inageuka 54. Karatasi ikiwa na mkunjo, jicho linaruka mstari. Basi, msikilizaji, kuza picha, soma mstari mmoja mmoja. Tarakimu isiyosomeka usiikisie. Andika “haisomeki”, kisha omba picha nyingine, karatasi ikiwa imelazwa mezani, bila mng’ao wa taa.

Mashine ikiwa imechapa H au L, inakili herufi hiyo. Usiongeze “kawaida” wala “imepanda kidogo”. Daktari ndiye atakayeuliza kama mama alipima kabla ya kula.