Mchomeleaji, usikimbilie jina la mji

Kila gesi ya Mtwara inapotajwa kwenye taarifa ya habari, kijana mchomeleaji huko bara hufunga begi. Angoje kidogo.

Bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Wakati wa ujenzi, kila kiungo cha bomba kilihitaji mkono wa fundi. Gesi ilipoanza kupita, kazi hiyo ikaisha. Kiwanda cha kuchakata gesi cha Madimba, hukohuko Mtwara, kinahitaji waendeshaji na mafundi wachache wa matengenezo. Mji ni uleule, gesi ileile, ajira nyingine kabisa.

Kwa hiyo usiulize mradi ni mkubwa kiasi gani, uliza umefika hatua gani. Mkandarasi ameshaingia eneo la kazi? Matangazo yanataka mchomeleaji wa mageti, au aliyefaulu jaribio la 6G, la kuchomelea bomba lililolazwa nyuzi 45 bila kuzungushwa? Hilo la pili halijifunzwi ukishafika.

Mradi wa gesi wa Likong'o, Lindi, umesemwa miaka mingi. Maneno hayo hayalipi kodi ya chumba. Mpigie kwanza fundi aliyeko huko, umuulize wiki hii nani ameajiriwa.